BARUA KWA MWENYE NYUMBA: MENDE NA PANYA KATIKA PLOTI



Katika somo la mwezi huu tutajifunza kuandika barua moja tu: barua ya mpangaji anayemwomba mwenye nyumba alete fundi wa kupiga dawa, kwa sababu mende na panya wamezidi. Tumeichagua kwa sababu wengi wenu mnapanga rumu katika vituo vya soko, au mna watoto wanaopanga mjini. Tena kuna vikundi ambavyo vimejenga ploti ya kukodisha kwa pesa za mzunguko. Hao nao wataipokea barua kama hii siku moja, kwa hiyo wasome wakijiweka pande zote mbili.

Mfano wetu unatoka kwa mama mmoja, mwanachama wa kikundi, anayeuza nguo kuukuu sokoni. Alipanga rumu nambari 6 katika ploti ya rumu 10, mjini Thika. Rumu zimepangwa mistari miwili zikitazamana, ukuta ni wa mawe, paa ni mabati, na dari ni ya mbao nyembamba inayopita juu ya rumu zote bila kukatwa. Mtaro wa maji machafu unapita nyuma ya mstari wa pili. Mama huyu alikuwa na mtoto mwenye pumu, na usiku mtoto alikuwa akikohoa sana.

Barua ya kwanza ilivyoshindwa

Mara ya kwanza mama aliandika kwa hasira. Barua yake ilikuwa na mistari minne: kwamba nyumba ni chafu, kwamba mende na panya wamejaa, kwamba landilodi anajali kodi tu, na kwamba afanye kitu haraka. Alimpa keateka aipeleke.

Jibu lilirudi kwa mdomo. Keateka alisema: "Mzee amesema hiyo ni uchafu wenu. Watu wengine hawajalalamika. Nunua dawa ya kupuliza, hata kwa duka iko."

Tulipoketi naye tulimwambia kwamba majibu ya mzee hayakuwa ya haki, lakini barua yenyewe ndiyo iliyompa nafasi ya kujibu hivyo. Haikusema ni rumu ngapi zina mende. Haikusema panya wanaingilia wapi. Haikusema "kitu" anachotakiwa kufanya ni kitu gani, wala kwa siku gani. Na hakubaki na nakala, kwa hiyo hata hangeweza kuonyesha kwamba aliwahi kuandika.

Mwenye nyumba akiambiwa habari za mende huwa na swali moja moyoni: je, shida hii ni ya mpangaji mmoja au ni ya nyumba yangu? Barua nzuri inamjibu swali hilo kabla hajaliuliza. Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu tena, tulimwomba mama ashike daftari.

Kukusanya habari kwa wiki tatu

Kuanzia tarehe 12 Februari hadi tarehe 5 Machi 2023, mama aliandika alichokiona. Majirani walikubali kumfungulia milango.

Kwa upande wa mende, aliangalia usiku. Unazima taa, unangoja kama saa moja, halafu unamulika kwa tochi nyuma ya jiko, chini ya meza na kwenye bawaba za kabati. Alikuta wale mende wadogo wa rangi ya kahawia, wenye mistari miwili myeusi mgongoni karibu na kichwa. Hawa ndio wasumbufu kuliko wale wakubwa wa chooni, kwa sababu wanaishi na kuzaana ndani ya nyumba. Alama yao nyingine ni vidoadoa vyeusi kwenye pembe, kama kahawa iliyosagwa. Hicho ni kinyesi chao. Aliwakuta katika rumu 8 kati ya 10. Katika rumu mbili aliwaona hata mchana, na mende wakionekana mchana maana yake ni kwamba maficho yamejaa.

Kwa upande wa panya, alitafuta kinyesi. Kinyesi cha panya mkubwa kina urefu wa sentimita moja hadi mbili, na cha panya mdogo wa nyumbani ni kama punje ya mchele. Kikiwa kipya kinang'aa na ni laini, na kikiwa cha zamani kimekauka na kinavunjika. Jioni alinyunyiza unga kidogo chini ukutani, na asubuhi alisoma nyayo. Hivyo ndivyo alivyogundua njia tatu. Kwanza, pale bomba la maji machafu linapotokea ukutani, nyuma ya rumu 7, kulikuwa na shimo la kuingiza ngumi. Pili, milango minne ilikuwa na nafasi ya vidole viwili chini yake. Tatu, panya walikuwa wanatembea juu ya dari kutoka rumu moja hadi nyingine, na katika rumu 3 walikuwa wametafuna waya wa stima.

Hapo jibu la swali la mzee lilipatikana. Mama wa rumu 6 hata akisugua sakafu yake kila siku, hawezi kuzuia panya wa dari ya watu kumi, wala mende wanaopita kando ya mabomba na nyufa za ukuta.

Kwa nini dawa ya dukani haikutosha

Katika miezi mitatu mama alikuwa ametumia shilingi 1,350 kununua mikebe ya dawa ya kupuliza. Mende walipungua siku mbili tatu, kisha wakarudi. Tueleze sababu, maana ndiyo inayotuonyesha tuombe nini katika barua.

Mende jike wa aina hii hubeba kifuko cha mayai nyuma yake, chenye mayai 30 hadi 40, mpaka yanapokaribia kuanguliwa. Dawa ya kupuliza humwua mende anayeguswa, lakini haifiki vizuri ndani ya kifuko. Baada ya wiki mbili, tatu, watoto wanatoka wakiwa wazima. Tena ukipuliza rumu moja peke yake, wale wanaosalia wanahamia kwa jirani, na harufu ikiisha wanarudi. Kwa hiyo mambo mawili ni lazima: rumu zote zipigwe dawa siku moja, na kazi irudiwe baada ya wiki tatu hivi kuwapata wale walioanguliwa.

Panya nao wana shida yao. Sumu inayouzwa barabarani kwa karatasi bila jina ni hatari kubwa, kwa sababu hujui ni sumu gani, na mtoto akiila daktari naye hajui atibu nini. Fundi wa kweli hutumia chambo chenye lebo, ndani ya kisanduku kinachofungwa, ambamo panya anaingia lakini mkono wa mtoto haufiki. Chambo cha aina hiyo huzuia damu kuganda, na panya hufa baada ya siku tatu hadi saba. Lakini chambo bila kuziba mashimo ni kazi bure, maana panya wengine wataingia kutoka mtaroni. Na kuziba kwa matambara au mbao pia ni bure, kwa sababu wanatafuna. Kinachowashinda ni simiti iliyochanganywa na vipande vya waya wa chuma.

Sasa unaona kwamba neno "fundi" katika barua si la kujivuna. Kazi hii inahitaji mtu aliyefundishwa. Hapa Kenya, mtu anayefanya biashara ya kupiga dawa anatakiwa kuwa na leseni ya bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu, ambayo inajulikana kwa herufi PCPB. Dawa yenyewe pia inatakiwa kuwa imesajiliwa, na nambari ya usajili huandikwa kwenye lebo pamoja na herufi hizo hizo.

Barua yenyewe

Hii ndiyo barua ambayo mama aliandika mara ya pili. Tumeondoa majina tu.

*Rumu Nambari 6,*
*Thika.*
*Tarehe 6 Machi 2023.*

*Kwa Mwenye Nyumba.*

*Mpendwa Mzee,*

*KUH: OMBI LA KULETA FUNDI WA KUPIGA DAWA YA MENDE NA PANYA KATIKA PLOTI*

*Salamu nyingi. Mimi ni mpangaji wako wa rumu nambari 6 tangu Juni 2020, na kodi yangu imelipwa hadi mwezi huu.*

*Ninakuandikia kwa sababu mende na panya wameenea katika ploti. Kuanzia tarehe 12 Februari hadi 5 Machi niliangalia pamoja na majirani. Mende wako katika rumu 1, 2, 3, 5, 6, 7, 8 na 10. Kinyesi kipya cha panya kimeonekana katika rumu 3, 6, 7 na 8, na juu ya dari. Katika rumu 3 panya wametafuna waya wa stima, jambo ambalo linaweza kuleta moto. Mtoto wangu ana pumu na daktari wa kliniki ameniambia mende huizidisha.*

*Panya wanaingilia kwenye shimo la bomba nyuma ya rumu 7, chini ya milango ya rumu 3, 6, 7 na 8, na kupitia dari. Sehemu hizi ni za nyumba na sisi wapangaji hatuwezi kuzitengeneza bila ruhusa yako.*

*Tumejaribu kununua dawa dukani kila mtu kwake, lakini mende wanahama tu na kurudi.*

*Kwa hiyo ninakuomba mambo haya:*

*1. Ulete fundi mwenye leseni apige dawa ya mende katika rumu zote 10 siku moja, na arudie baada ya wiki tatu.*

*2. Fundi huyo aweke chambo cha panya ndani ya visanduku vinavyofungwa, kwa sababu ploti ina watoto wadogo.*

*3. Panya wakishapungua, shimo la bomba lizibwe kwa simiti na waya, na milango minne iwekewe kipande cha bati chini.*

*4. Waya wa rumu 3 utengenezwe mapema na fundi wa stima.*

*Sisi kwa upande wetu tutatoa vyombo na vyakula, tutafungua milango yote siku hiyo, na tumekubaliana kununua pipa la takataka lenye kifuniko.*

*Ninaomba utujulishe siku ya kazi kabla ya tarehe 20 Machi 2023. Kama ungependa kuja kuona kwanza, niko nyumbani kila Jumapili baada ya saa nane.*

*Wako mwaminifu,*
*Mpangaji, Rumu 6.*

*(Wapangaji wa rumu 1, 2, 3, 5, 7, 8 na 10 wametia sahihi nyuma ya karatasi hii.)*

Tuichunguze

Ona kwamba barua imeanza na kodi. Mwenye nyumba anayesoma kwamba kodi imelipwa hawezi kusema huyu anatafuta sababu ya kutolipa. Wengine hutushauri wasimamishe kodi mpaka dawa ipigwe. Sisi tunawaambia hapana. Ukiacha kulipa, habari haiwi ya panya tena, inakuwa ya deni, na kuna sheria inayomruhusu mwenye nyumba kukamata mali ya mpangaji mwenye deni la kodi.

Ona pia kwamba haina tusi hata moja, na haikusema "ploti yote imejaa." Ilitaja rumu kwa nambari. Mzee akitaka kubisha, itabidi aende akaone mwenyewe, na akienda atakuta yaliyoandikwa.

Mwisho, wapangaji wametaja sehemu yao. Hilo si kujidharau. Takataka zikikaa wazi na ugali ukilala kwenye sufuria bila kufunikwa, fundi atapiga dawa na mende watapendelea ugali kuliko chambo.

Mama aliandika nakala mbili. Keateka alitia sahihi na tarehe kwenye nakala ya pili, na mama akaiweka pamoja na risiti za kodi. Kama hakuna keateka, piga picha ya barua kwa simu na umtumie, ujumbe ubaki na tarehe yake.

Yaliyofuata

Mzee alikuja Jumapili iliyofuata. Ni mtu aliyestaafu, na kodi ya ploti ndiyo inayomlisha. Alisimama nyuma ya rumu 7 akalitazama lile shimo kwa muda mrefu, akasema, "Mama, hii sikujua." Fundi wa stima alikuja wiki hiyo hiyo. Kuhusu dawa, mzee alitaka kupiga rumu mbili tu zilizo mbaya zaidi, apunguze gharama. Mama alimwonyesha daftari, akamweleza habari ya mayai na ya kuhama. Mzee akakubali rumu zote.

Dawa ilipigwa Jumamosi tarehe 25 Machi. Kila mtu alitoa unga, sufuria na nguo za watoto, na hawakurudi ndani kwa saa nne, kama lebo ilivyosema. Wakafungua madirisha kwanza. Fundi alitumia pia dawa ya ute, akaiweka kwa matone madogo kama punje ya ndengu nyuma ya majiko na kwenye bawaba. Akawaonya: "Hii msiipulizie dawa ya mkebe, wala msiioshe. Mende wataikwepa."

Kosa moja lilitokea. Mpangaji wa rumu 9 alikuwa amesafiri nyumbani na kufunga kwa kufuli. Wao walisema rumu 9 haikuwa na mende, kwa hiyo haina neno. Baada ya wiki mbili mende walianza kuonekana tena, lakini katika rumu 8 na 10 tu, yaani pande zote mbili za rumu 9. Hivyo ndivyo unavyoweza kujua kwamba kuna ficho lililoachwa: mende hawarudi kila mahali, wanarudi kuzunguka sehemu moja. Siku ya kurudia, tarehe 15 Aprili, rumu 9 ilifunguliwa, na nyuma ya kabati wakakuta vidoadoa vyeusi tele.

Panya walichukua muda zaidi. Waliziba lile shimo mwezi wa Mei, baada ya fundi kukuta chambo hakiliwi tena. Hawakuziba mapema kwa sababu panya wangefungiwa ndani na kufia kwenye dari, na harufu ingewafukuza watu. Hadi leo mama hunyunyiza unga mara moja kwa mwezi. Mara mbili ameona nyayo, na mara zote mbili ilikuwa ni mlango wa rumu 3 ambao bati lake lilikuwa limelegea.

Na kama mwenye nyumba hajibu?

Tarehe uliyoitaja ikipita, andika barua ya pili, fupi, ukitaja tarehe ya ile ya kwanza na kuambatanisha nakala. Ongeza siku saba. Zikipita nazo, chukua nakala zote na daftari, uende kwa afisa wa afya ya umma. Tangu mwaka 2013 huduma za afya mashinani ziko chini ya serikali za kaunti, kwa hiyo muulizie katika kituo cha afya au ofisi ya wadi.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu nyumba yenye wadudu na wanyama waharibifu kiasi cha kudhuru afya kuwa ni kero ambayo hairuhusiwi. Afisa akiridhika, hutoa notisi ya maandishi kwamba kero iondolewe. Na sheria inasema kwamba kero ikitokana na ubovu wa jengo, notisi apewe mwenye nyumba. Ndiyo sababu barua ilitaja shimo, milango na dari kwanza. Lakini kama chanzo ni takataka za wapangaji wenyewe, notisi inaweza kuwajia wao. Jichunguzeni kabla ya kwenda huko.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Katika ploti mnazoishi, panya wanaingilia wapi? Nendeni mwone kabla ya mkutano ujao, mje mkiwa mmeandika.

2. Kwa nini kupiga dawa rumu moja peke yake hakusaidii?

3. Kikundi chenu kikiwa ndicho mwenye ploti, na mpokee barua kama hii, ni jambo gani mtalifanya wiki ya kwanza?

4. Kila mmoja aandike barua yake ya ukurasa mmoja. Msomeane, na wanaosikiliza waulize: je, tumejua ni rumu gani, ni kazi gani, na ni kabla ya tarehe gani?